Tanka Iliyokatika Kiunoni: Kuuganga Mshororo wa Tatu

Umeandika tanka, shairi fupi lenye asili ya Kijapani. Mizani umeihesabu kwa vidole, 5, 7, 5, 7, 7, jumla 31, wala hapana iliyozidi. Umeisoma barazani baada ya sala ya Alasiri, wenzako wamekaa kimya kidogo, kisha mmoja amesema, "Mazuri."

Hiyo "ma" ndiyo maradhi. Wewe umesoma shairi moja, yeye kasikia mawili.

Tanka ninayoizungumzia hapa ni ile ambayo mshororo wake wa tatu ni bawaba. Bawaba ina mabati mawili na msumari mmoja katikati. Bati moja limeshika fremu, jingine limeshika mlango. Mshororo wa tatu nao uishike picha ya juu na picha ya chini kwa wakati mmoja: ukiusoma pamoja na mishororo miwili iliyotangulia, maneno yatimie, na ukiusoma pamoja na miwili inayofuata, yatimie tena, kwa maana iliyosogea kidogo. Wajapani wenyewe nusu ya juu, 5-7-5, huiita kami no ku, na ya chini, 7-7, huiita shimo no ku. Tuseme ukweli pia kwamba bawaba katika mshororo wa tatu si sheria yao. Wao kwa kawaida huiandika tanka kwa mstari mmoja wa wima bila kuikata, na neno la maana mbili, ambalo huliita kakekotoba, laweza kukaa popote. Mfano unaotajwa sana ni matsu: ni msonobari, na ni kungoja. Sisi tunaoandika kwa mishororo mitano tumechagua kuiweka bawaba katikati, na kwa Kiswahili chaguo hilo lina mtego ambao Mjapani haujui, maana lugha yake haina ngeli.

Kwanza pima

Andika tanka yako kwenye karatasi, mkono upate kufunika. Weka kiganja juu ya mshororo wa nne na wa tano, usome mitatu ya juu kwa sauti. Je, ni sentensi iliyosimama? Sasa funika wa kwanza na wa pili, usome mitatu ya chini. Je, nayo imesimama? Usijisomee kimoyomoyo, maana kichwa chako kinajua ulichokusudia na kitajaza pengo. Mpe mtu mwingine asome, tena bora asiyependa mashairi.

Nusu zote mbili zikisimama, bawaba ipo, na kama kuna tatizo liko kwingine. Ikisimama moja tu, bati la upande wa pili halina misumari. Isiposimama hata moja, mshororo wa tatu ni pambo tu.

Dalili: nusu ya chini inaanza upya, kama shairi la mtu mwingine

Hii ndiyo ninayoikuta zaidi ya zote, kwangu na kwa wengine, na sababu yake karibu kila mara ni silabi moja: kiambishi cha ngeli kilicho mwanzoni mwa kitenzi cha mshororo wa tatu. Nitaonyesha kwa tanka yangu.

Nilikuwa Wete, Pemba, wiki ambayo bomba la mtaani kwetu lilikauka. Akina mama wanatoka na ndoo kabla ya jua, na ukiteremka pwani kidogo unakuta vyombo vimekaa juu ya mchanga kwa kuwa maji yamepwa. Wote wanangoja maji. Nilisisimka, maana "maji" kwetu ni ya ndoo na pia ni ya bahari. Mtu akisema "maji hayajafika", huna budi kutazama amesimama wapi ndipo ujue anasema yapi. Nikaandika:

Mama kachoka
mbele ya bomba kavu
angoja maji
ngalawa imelala
ubavu mchangani

Mizani imetimia. Nikamsomea jirani yangu mmoja, mzee aliyeivua bahari ile miaka mingi. Akasikiliza, akaniuliza, "Maalim, huyo mama kapotelea wapi?"

Kiganja kinaeleza alichokisikia. Mitatu ya juu: Mama kachoka, mbele ya bomba kavu angoja maji. Sawa kabisa. Mitatu ya chini: angoja maji ngalawa imelala. Hapo panavunjika, kwa sababu "a-" ni ya mama. Ngalawa haiwezi kusema "angoja", ngalawa "yangoja". Mwenye kukulia katika lugha hii hafikirii ngeli, lakini sikio lake limeshaamua: mlango umefungwa baada ya "maji", na ngalawa imeingia kwa mlango mwingine. Mjapani angeandika kitenzi kisichotaja nani, kikaelea juu ya picha zote mbili. Kitenzi chetu kimebeba jina la mwenyewe mgongoni.

Zipo njia tatu za kutibu, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni kukitoa kiambishi na kutumia kitenzi-jina: "kungoja maji". Mizani 5, ngeli hapana. Wengi hukimbilia hapa, na mimi nilikimbilia. Ubaya wake ni kwamba mshororo hupoa. "Mama kachoka mbele ya bomba kavu, kungoja maji" inasikika kama kichwa cha habari, si kama mtu amesimama na ndoo. Hutibu, lakini kidonda kinaacha kovu.

Ya pili ni "hu-" ya mazoea. "Hungoja maji" haina ngeli ndani yake: mama hungoja, ngalawa hungoja, mimi hungoja. Hii ni dawa ambayo Kiswahili kimetupa bure, na nashangaa watu hawaitumii. Bei yake ni wakati. Ukisema "hungoja", si alfajiri ile tena. Ni kila siku, ni desturi. Kama tanka yako inahusu jambo linalojirudia, "hu-" inalipa zaidi ya ulivyotarajia. Yangu ilihusu asubuhi moja, nikaiacha.

Ya tatu ni kuzileta picha zote mbili katika ngeli moja. Hii ni kazi, maana inakulazimisha kubadilisha kitu chenyewe na si neno tu. Nilimtoa mama, nikabakisha alichokishika. Ndoo nyingi ni "zi-". Ngalawa zikiwa nyingi nazo ni "zi-".

Ndoo foleni
mbele ya bomba kavu
zangoja maji
ngalawa zimelala
ubavu mchangani

Weka kiganja. Ndoo foleni mbele ya bomba kavu zangoja maji: imesimama. Zangoja maji ngalawa, zimelala ubavu mchangani: imesimama, na kule kutanguliza kitenzi mbele ya mtendaji ni jambo la kawaida katika ushairi wetu, sikio halishtuki. Nikaona nimemaliza.

Mzee akacheka. "Ngalawa ina matengo pande zote mbili. Italalaje ubavu?"

Sikuwa na la kujibu. Ngalawa kwenye mchanga hukaa wima, imeegemea mbao zake za pembeni. Inayolala ubavu ni mashua. Bahati njema "ngalawa" na "mashua" zote ni mizani tatu na ngeli moja, kwa hiyo nilifuta neno moja nikaweka jingine, na mengine yote yakabaki palepale:

mashua zimelala
ubavu mchangani

Nataja hili kwa sababu kosa la picha hujificha nyuma ya mizani iliyotimia. Mtu akishahesabu 31 zikakaa, macho yake hayarudi tena kwenye mchanga.

Na jambo moja zaidi kuhusu dawa hii ya tatu. Kumtoa mama kulinikera. Nilidhani nimeondoa mtu nikabakiza vyombo. Nilipoisoma tena baada ya siku chache niliona ndoo zimebeba uchovu wake bila ya neno "kachoka". Sisemi itakuwa hivyo kila mara.

Dalili: msomaji anacheka pale ambapo hukutaka acheke

Hapa bawaba ni neno lenye maana mbili zisizohusiana, na Kiswahili kimejaa maneno ya namna hiyo: kaa, paa, vua, panda, chungu. Anayegundua mchezo huu mara ya kwanza huandika tanka kumi kwa wiki, zote vitendawili. Hii ni yangu, na siionei fahari:

Jiko lawaka
usiku wa dhoruba
kaa jekundu
lakimbia shimoni
bahari ikirudi

Nilitaka kaa la moto ligeuke kaa wa pwani. Kwanza tazama lugha: "kaa jekundu" ni la moto. Wa pwani ni mnyama, ni "kaa mwekundu", naye "akimbia". Kwa hiyo hata hapo, kabla ya kuuliza kama mchezo ni mzuri, ngeli imeshakataa. Ningeweza kuficha kiambishi, lakini tatizo la ndani lingebaki: moto na mnyama yule havina kinachoviunganisha isipokuwa sauti. Msomaji anafikia mshororo wa nne, anagundua amechezewa, anacheka, na jiko la mshororo wa kwanza limeshasahauliwa.

Ukitaka neno la maana mbili lifanye kazi, maana zote mbili ziwe na tendo moja chini yake. Chukua "matanga". Ni yale ya vyombo, na ni yale ya msiba, watu wanapokaa nyumba ya aliyefiwa. Yote yana kukunjua na kukunja, yana siku ya kuondolewa, na baada yake kuna utulivu wa aina fulani. Tena, na hili ni la kushukuru, yote mawili ni "ya-".

Upepo kimya,
wavuvi wanakunja
matanga yao
yaisha, mlangoni
viatu vyake bado

Mitatu ya juu ni jioni ya kawaida pwani. Ukishuka, matanga yao yaisha, na hapo "yao" si wavuvi tu bali ni watu wa nyumba, na viatu vya mmoja bado viko mlangoni. Neno halikugeuka ghafla, lilisogea. Anayesoma hachekeshwi, hurudi juu kuutazama tena ule upepo.

Kipimo changu cha haraka: liondoe neno la maana mbili, uweke mahali pake maneno mawili tofauti, moja kwa kila picha, hata mizani ikiharibika. Zile picha mbili bado zinataka kukaa pamoja? Wavuvi wanaoshusha nguo za vyombo, na nyumba ya msiba inayokunja majamvi: ndiyo, zinataka. Jiko na mnyama anayekimbilia shimoni: hapana.

Dalili: mshororo wa tatu umevimba

Mizani 5 kwa Kiswahili ni maneno mawili, mara chache matatu. Tanka yangu ya ndoo yote ni maneno 12. Anayetoka kwenye shairi la mishororo minne ya mizani 16, ambalo ubeti wake mmoja una 64, anaingia humu kama mtu aliyehamia chumba kimoja na makabati yake yote.

Uvimbe ukiwa wa mizani moja, angalia kwanza "-na-". "Zinangoja maji" ni 6. "Zangoja maji" ni 5. Wakati wa "-a-" umekaa katika ushairi wetu siku zote, hivyo si kukata kwa ajili ya mizani tu, bali kunaipa sauti ya shairi. Ukiwa wa mbili au zaidi, usikate silabi. Kitu kimojawapo ulichokiweka kwenye mshororo wa tatu ni mali ya wa pili au ya wa nne, kirudishe kwake. Bawaba haibebi samani.

Mara nyingine uvimbe haupo, ni hesabu iliyokosewa, na mkosaji ni "m" na "n". "Mvua" inayonyesha ni mizani 2, mvu-a, lakini "mvuvi" ni 3, m-vu-vi, kwa sababu "m" yake inasimama peke yake. Jaribu kuivuta, mmm-vuvi, utaona inakubali. "Mbuni" ndege ni 2, "mbuni" mti wa buni ni 3. Kwenye "mchangani" ile "m" inahesabiwa, ndiyo maana "ubavu mchangani" inafika 7. Mwenye shaka aimbe, asihesabu herufi.

Dalili: nusu zote mbili zinasimama, lakini mlango hauzunguki

Umeweka kiganja, kila kitu sawa, na bado msomaji anasimama mwisho wa mshororo wa tatu kama aliyefika ukutani. Tafuta alama na tafuta kina.

Nukta mwisho wa mshororo wa tatu huukabidhi kwa nusu ya juu. Mkato mwisho wa pili huukabidhi kwa nusu ya chini. Ndiyo maana kwenye ile ya matanga niliweka mkato baada ya "kimya" na mkato mwingine ndani ya mshororo wa nne, nikaacha pembezoni mwa "matanga yao" patupu pande zote mbili.

Kina ni adui mjanja zaidi, kwa kuwa tumelelewa nacho tangu skuli. Mshororo wa shairi letu hujitosheleza: una ukwapi, una utao, kina kinagonga, umefungwa. Mkono wenye mazoea hayo utafanya "foleni" ya kwanza iitikiwe na "bombani" ya tatu bila kuomba ruhusa, na kila kina kinapoitikiwa sikio husema limefika. Bawaba haitaki mtu afike. Vina vikijitokeza kati ya mshororo wa kwanza na wa tatu, vunja kimoja, hata kama kilikuwa kizuri.

Na kama mshororo wa nne unaanza na "kama", liondoe neno hilo kabla ya kutazama chochote kingine. "Zangoja maji kama mashua" inamwambia msomaji kipi ndicho chenyewe na kipi ni mfano, ilhali sisi tunataka ndoo ziwe ndoo na mashua ziwe mashua.

Nusu iliyobaki

Zipo picha mbili ambazo hazikubali ngeli moja kwa vyovyote. Mtoto na bahari, kwa mfano: umoja ni "a-" na "i-", wingi ni "wa-" na "zi-". Hapo una "hu-" na "ku-" tu, na zisipofaa, tenganisha nusu na uzihifadhi. Mimi nina daftari la nusu.

Yule mama aliyechoka alikaa humo miezi. Nilikuwa nimekwama kwa kuwa nilitafuta chombo, na vyombo vyote si "a-". Siku moja maji yakiwa yamepwa niliona ndege mweupe amesimama kwenye tope la ufukweni, hatikisiki, anasubiri. Yangeyange ni mnyama, yangeyange "angoja".

Mama kachoka
mbele ya bomba kavu
angoja maji
yangeyange mguu
mmoja kaukunja

Nikamsomea mzee. Alinyamaza, akaisoma mwenyewe kwa kiganja kama nilivyomfundisha, juu, kisha chini.

"Huyo mama," akasema, "kasimama tangu saa ngapi?"